Konekta imeganda kwenye koki ya nje: siki, maji ya moto, spana au msumeno?

Konekta ya mpira wa kumwagilia inapokaa kwenye koki ya nje kwa misimu kadhaa bila kufunguliwa, siku ukiihitaji unakuta imekuwa kitu kimoja na koki. Pale zinapokutana kuna ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Unazungusha kwa mkono, haiendi. Unachukua koleo, kinachozunguka ni koki yenyewe ukutani. Hapo ndipo mtu huanza kuuliza kila jirani, na kila jirani ana dawa yake: mmoja anasema siki, mwingine maji ya moto, wa tatu mafuta ya kulegeza, wa nne anasema leta spana kubwa tuvunje ubishi.

Nimetumia zote, nyingine kwa hasara. Zote zinaweza kufaa, lakini si kwa konekta ileile. Kinachoamua ni vitu viwili: konekta imetengenezwa kwa madini gani, na bomba lililo nyuma ya koki lina uwezo gani wa kuvumilia kusukwasukwa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, tumia dakika tano kumjua adui.

Kwanza: ni chokaa kweli?

Maji magumu yana kalsiamu iliyoyeyuka. Washa ya mpira iliyo ndani ya konekta ikichoka, maji hupenya kidogo kidogo na kutambaa kwenye meno ya skrubu, yale mafundi wanayoyaita thredi. Maji yanakauka, kalsiamu inabaki. Kesho tena, keshokutwa tena, mpaka nafasi yote kati ya thredi za koki na za konekta ijae jiwe jembamba la kalsiamu kaboneti. Hii ndiyo kesi nzuri, kwa sababu jiwe hilo lina udhaifu wa aina mbili: linayeyuka kwenye asidi, na ni kavu linalopasuka kirahisi.

Kesi mbaya inafanana nayo kwa macho. Koki nyingi ni za brasi, yaani shaba ya njano. Konekta za bei nafuu mara nyingi ni za alumini au aloi ya zinki. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji, moja humla mwenzake, na anayeliwa hapa ni alumini. Inatoa unga mweupe unaovimba na kubana thredi. Unga huo si chokaa. Siki ya jikoni haiuyeyushi kwa namna ya kukusaidia, na ukiiacha muda mrefu itaanza kuila konekta yenyewe.

Jaribio ni hili. Kwaruza mahali padogo pa konekta kwa tupa au ncha ya kisu mpaka uone madini safi. Yakiwa ya njano, ni brasi. Yakiwa ya rangi ya fedha na mepesi kukwaruzika, ni alumini au zinki. Kisha dondosha matone ya siki kwenye ukoko. Ukitoa povu dogo linalochemka, ni chokaa. Ukinyamaza tu, una kutu ya madini. Tahadhari moja: konekta ya alumini inaweza kuwa na chokaa nje na kutu yake ndani, kwa hiyo povu la nje lisikudanganye. Rangi ya mkwaruzo ina uzito kuliko povu.

Angalia pia kama kile unachotaka kukifungua kina kiskrubu kidogo ubavuni ambacho kichwa chake kimekatwa. Baadhi ya koki za nje hufungwa kifaa cha kuzuia maji kurudi kwenye bomba, na kiskrubu hicho huvunjwa makusudi wakati wa kufunga ili kifaa kisitolewe. Hapo si chokaa iliyokushinda, ni aliyefunga. Kiskrubu kitobolewe kwanza kwa drili, la sivyo utazunguka hadi kesho.

Siki dhidi ya maji ya moto

Hizi ndizo njia mbili ambazo mtu mwenye konekta ya brasi na ukoko wa chokaa anapaswa kuchagua kati yake, na watu wengi huchagua vibaya kwa sababu hawajui kila moja inafanya nini.

Siki inaondoa kinachobana. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki asilimia 5, na kwa hesabu ya kemia mililita 100 zake zinaweza kuyeyusha takribani gramu 4 za chokaa. Ndani ya thredi za konekta hakuna chokaa nyingi hivyo. Kwa hiyo ukisikia mtu amelowesha siku tatu bila mafanikio, tatizo halikuwa uchache wa asidi. Asidi haikufika. Mlango wake pekee ni ule ufa mwembamba juu ya konekta, pale inapokutana na koki, na mlango huo umezibwa na ukoko wenyewe pamoja na mapovu ya gesi yanayotoka chokaa ikiyeyuka.

Ndiyo maana kulowesha kwa mafanikio ni kazi ya subira kidogo. Kama mpira bado umeshika, ukate karibu na konekta. Funga koki vizuri, na kama inadondosha funga valvu kuu, kwa sababu tone la maji kila sekunde litakuzimulia siki yote. Kwangua ukoko wa nje kwa kisu kisichokata sana ili kufungua ufa. Chukua mfuko wa plastiki usiovuja, tia siki, uvishe konekta kutoka chini na uufunge kwa rababendi juu ya koki. Hakikisha siki imepanda kupita mstari wa juu wa konekta. Ikiishia katikati, umeosha nje tu. Siki ya vuguvugu hufanya kazi haraka kuliko ya baridi. Kila baada ya saa mbili au tatu, utikise mfuko, gongagonga konekta kwa mpini wa bisibisi ili mapovu yatoke, na ubadilishe siki ikiwa imeacha kuchemka.

Asidi ya sitriki ya unga, ile yenye uchachu wa ndimu, ina nguvu zaidi na haina harufu. Vijiko viwili vya chakula kwenye kikombe kimoja cha maji vuguvugu vinatosha. Lakini usiichemshe. Chumvi inayotokana na sitriki na kalsiamu haiyeyuki vizuri, na hupenda kuganda maji yakiwa ya moto, kwa hiyo unaweza kujikuta umetoa jiwe moja ukaweka tope jingine jeupe mahali pake. Ukiona maji yamekuwa meupe kama maziwa, mwaga, weka mapya.

Mipaka ya asidi ni ya wazi. Brasi huvumilia usiku mmoja. Ukiona imeanza kuwa na rangi ya waridi, zinki inatoka juu juu ya madini, toa na usuuze. Koki yenye mng'aro wa kromu usiiache zaidi ya saa moja kwa mkupuo. Konekta ya alumini au zinki usiiloweshe kabisa. Asidi kali ya kusafishia vyoo isiguse koki yako, na asidi ya aina yoyote isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu gesi inayotoka ni sumu ya mapafu.

Maji ya moto yanafanya kazi nyingine kabisa. Hayaondoi chokaa hata chembe. Yanapanua madini. Konekta ya brasi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 26 hivi, ikipandishwa joto kwa nyuzi 80, hupanuka karibu milimita 0.04. Unaweza kucheka, lakini jiwe kavu lililobanwa halihitaji zaidi ya hapo ili lipasuke. Tatizo ni kwamba koki nayo ni ya brasi, na ikipata joto hilohilo itapanuka vilevile na hakuna kitakachoachana. Siri yote iko kwenye haraka. Joto liingie kwenye konekta kabla halijafika kwenye koki.

Funga kitambaa kinene cha pamba kwenye konekta peke yake, mimina juu yake nusu lita ya maji yanayochemka kwa mkupuo, hesabu hadi kumi na tano, toa kitambaa kwa koleo, kamata na spana na ujaribu papo hapo. Ukisubiri dakika mbili umeshapitwa. Isipotoka, mwagia maji baridi, acha ipoe, rudia. Kupanuka na kusinyaa mara tatu nne huivunja chokaa hata pale ambapo mara ya kwanza haikusikika kitu. Glavu nene, viatu vilivyofunika mguu, na usisimame chini ya mahali maji yatakapodondokea.

Konekta ya plastiki ndiyo inayofurahia njia hii zaidi. Plastiki hupanuka mara kadhaa zaidi ya brasi kwa joto lilelile, kwa hiyo maji ya moto ya bomba, si ya kuchemka, yanatosha. Ya kuchemka huilainisha, na ukiikamata na spana ikiwa laini unabaki na uji wa plastiki uliokumbatia koki.

Na tochi ya gesi? Najua mafundi wanaoitumia, nao wanajua kilicho nyuma ya ukuta. Wewe hujui. Washa ya mpira ndani ya konekta itayeyuka, ya ndani ya koki itafuata, bomba la plastiki nyuma yake halina bahati, na bomba la shaba lililolehemiwa linaweza kuachia pale ambapo huwezi kufika bila kuvunja ukuta. Maji yaliyofungiwa ndani ya koki iliyofungwa hugeuka mvuke. Kwa konekta tu, kwa nini?

Basi uchague ipi? Kama ukoko unachemka kwa siki na una usiku mmoja wa kusubiri, anza na siki, maliza na maji ya moto. Kama konekta ni ya plastiki, maji ya moto kwanza, huenda usihitaji kingine. Kama una haraka na ukuta wako ni wa kuaminika, maji ya moto peke yake yana nafasi nzuri, ila utatumia nguvu zaidi kwenye spana, na nguvu ndiyo inayoleta hasara.

Spana: njia ambayo kila mtu huanza nayo

Spana si mbadala wa siki au joto, ni hatua ya mwisho ya zote mbili. Anayeianza nayo peke yake anategemea kwamba chokaa itavunjika kabla ya bomba, na mara nyingi inavunjika. Mara chache haivunjiki, na mara hizo ndizo zinazoleta fundi bomba na tindo lake.

Unahitaji spana mbili, hili halina mjadala. Moja inakamata mwili wa koki, kwenye pande bapa kama zipo, na kazi yake ni kukaa palepale. Ya pili inazungusha konekta. Mkono wako wa kushoto na wa kulia vikipingana, ukuta hausikii kitu. Koleo la kawaida liache: konekta nyingi ni duara na nyembamba, ukiiminya kwa koleo inakuwa yai, na yai linabana zaidi kuliko duara. Spana ya bomba au spana ya mkanda inakamata pande zote.

Kuna kosa moja ambalo ningelichekea kama nisingelifanya mwenyewe. Koki ya nje inaangalia chini. Wewe umesimama unaitazama kutoka juu. Kulegeza ni kinyume cha saa, lakini kwa mtu anayetazama konekta kutoka chini, upande wa mdomo wake. Ukiwa umesimama juu, kulegeza kunaonekana kama kwenda na saa. Inama, tazama kutoka chini, weka alama ya mshale kwa kalamu, ndipo ushike spana.

Anza kwa kukaza kidogo, nywele moja tu, kisha legeza. Kurudi na kwenda huvunja chokaa pande zote mbili za meno. Ukisikia mlio mkavu kama kijiti kuvunjika, simama, umefanikiwa. Usiendelee kuzungusha mfululizo, kwa sababu vumbi la chokaa litajikusanya na kusaga thredi. Zungusha robo, rudi nusu ya hiyo, mwagia maji au siki, endelea. Kama koki inasogea ukutani au plasta inachanika pembeni yake, acha mara moja. Spana yenye mpini wa sentimita 25 hadi 30 inatosha; ukihitaji kuirefusha kwa kipande cha bomba, unahitaji njia nyingine, si mpini.

Mafuta ya kulegeza nayataja kwa ufupi. Yanapenya vizuri kwenye kutu ya chuma, ila hayayeyushi chokaa. Ubaya mkubwa ni mpangilio: ukinyunyiza mafuta kwanza, yanafunika chokaa na siki haishiki tena. Asidi kwanza, mafuta baadaye, au usiyatumie.

Msumeno

Kwa konekta ya alumini iliyogandia kwenye brasi, mimi siku hizi sianzi na kingine chochote. Siki haifai, joto husaidia kidogo, na spana huishia kuvunja konekta vipande huku pete ya thredi ikibaki kwenye koki. Konekta ni kitu cha kutupwa. Koki si ya kutupwa.

Kata kwa msumeno wa kukatia chuma, au mashine ndogo ya kukatia kama mkono wako umetulia. Mstari uwe wa mshazari kidogo kutoka juu hadi chini ya nati ya konekta, si wa wima kabisa, ili ukigusa koki kwa bahati mbaya ukwaruze kila thredi padogo badala ya kuchimba mfereji mmoja unaozivuka zote. Kata taratibu na utazame unga unaotoka. Ukiwa wa fedha, endelea. Punje za njano za kwanza zikionekana, umefika kwenye koki, acha. Ukuta wa nati kwa kawaida ni milimita mbili au tatu tu. Huhitaji kukata hadi mwisho: bakiza karatasi ya madini, ingiza bisibisi bapa kwenye ufa, geuza. Nati itapasuka na kufunguka kama ganda.

Konekta ikiwa ya brasi njia hii ni ngumu zaidi, maana unga wa konekta na wa koki una rangi moja na hakuna kitu cha kukuonya. Hapo jilazimishe kumaliza siki na joto kwanza.

Konekta yangu, kwa saa

Koki ya brasi, konekta ya brasi ya nati yenye pembe sita, misimu minne bila kuguswa. Mkwaruzo wa njano, ukoko ulichemka vizuri. Nilikuwa tayari nimeinyunyizia mafuta siku iliyotangulia, kwa hiyo saa ya kwanza iliishia kuosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Mfuko wa kwanza wa siki uliwekwa saa kumi jioni. Saa moja usiku siki ilikuwa imenyamaza na imechafuka, nikaibadilisha. Saa nne usiku nikabadilisha tena, na safari hii haikuchemka sana. Sikujua kama chokaa imeisha au asidi haifiki. Nikagonga nati pande zote sita kwa nyundo ndogo, na povu likaanza upya kutoka kwenye ufa. Nilikuwa nimepata mlango.

Asubuhi saa moja nilijaribu spana mbili. Hakuna kitu. Nilikuwa naikaza, bila shaka, kwa sababu nilikuwa nimesimama. Nilipoinama na kugeuza upande, bado haikusogea, lakini nati ilitoa kamlio. Kitambaa, maji ya kuchemka, hesabu kumi na tano, spana. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili mlio, na nati ikasogea kama upana wa ukucha. Kutoka hapo ilikuwa kurudi na kwenda kwa dakika ishirini.

Ndani kulikuwa na kilichoanzisha yote: washa ngumu kama kifungo cha shati, imepasuka upande mmoja, na ule upande ndio uliokuwa na chokaa nene kuliko pengine. Thredi hazizibi maji kwenye konekta za namna hii, washa ndiyo inayoziba. Nilipiga thredi za koki kwa brashi ya waya wa brasi na siki, nikasuuza, nikapaka grisi ya silikoni kidogo, nikaweka washa mpya na kuifunga kwa mkono tu. Spana haikuhitajika, na isipovuja kwa mkono hakuna sababu ya kuongeza. Tangu hapo naifungua mara moja kila msimu mpira unapokunjwa, hata kama sina haja nayo.